Picha ya profaili ya kuombea kazi: unaruhusiwa kuediti mpaka wapi? Maswali na majibu, hatua kwa hatua

Kuna dada anatafuta kazi ya uhasibu, kanitumia picha zake mbili. Moja ni kama ilivyotoka kwenye simu, ya pili kaipitisha kwenye filta, akauliza aweke ipi kwenye profaili na kwenye sivii. Nikamwambia hakuna hata moja kati ya hizo, ila ile ya kwanza inaokoleka. Akaanza kuuliza swali moja baada ya jingine na maswali yake ni yale yale ambayo watu wengi wanaotafuta kazi wanayo kichwani, kwa hiyo nimeyaweka hapa yote na majibu yake. Mimi nimekaa sana upande wa kuchuja maombi na kufanya usaili, na picha za watu huwa naziediti kwa mikono yangu, nitaeleza nikiwa naangalia kote kuwili.

Kaka, kwani waajiri wana kiwango? Yaani kuna asilimia fulani ya kuediti ambayo wanakubali?

Hakuna kiwango cha namna hiyo dada, na wala hakuna anayekaa na picha yako akipima umeigusa kiasi gani. Anachokutana nacho mwajiri ni tofauti kati ya picha na wewe. Picha yako ataiona mara ya kwanza ikiwa kaduara kadogo kwenye orodha ya waombaji, halafu ataifungua kubwa kidogo akisoma sivii, halafu atakuona wewe mwenyewe kwenye usaili wa video au ukiingia mlangoni. Sasa pale unapoingia, akisita hata kidogo akajiuliza "huyu ndo yule?", basi kuediti kwako kumevuka mpaka, haijalishi ulifanya kidogo au kingi. Hatakuambia kitu, ataendelea na maswali yake kama kawaida, ila kuna swali limeshamkaa kichwani, kama picha kaibadilisha, huo uzoefu alioandika je?

Ukielewa hilo, mpaka wenyewe unajionyesha. Mwanga, rangi za picha na mkato wa picha ni vitu vya kamera, hivyo rekebisha utakavyo ili mradi uvirudishe kwenye uhalisia. Umbo la uso, rangi ya ngozi, alama za kudumu na umri wako ni vitu vyako, hivyo usiviguse.

Na kuna jambo watu hawalifikirii. Kale kaduara kwenye orodha ni kadogo kuliko kucha ya kidole gumba, pale kulainisha ngozi hakuonekani kabisa. Kinachoonekana ni kama uso una mwanga, kama ni mkubwa wa kutosha na kama unatazama kamera. Kwa hiyo zile editi zinazokusaidia kweli ndo zile zile zisizo na hatari, na zile za hatari, yaani ngozi kuwa laini na kidevu kuchongwa, hazikuongezei kitu pale ambapo picha inafanya kazi yake kubwa.

Sawa, mimi nina chunusi mbili kwenye taya, kovu dogo juu ya nyusi na alama ya kuzaliwa shavuni. Nifute ipi?

Kanuni ninayoitumia ni ya wiki mbili. Jiulize, hiki kitu baada ya wiki mbili kitakuwepo usoni? Kama kitakuwa kimeondoka, kifute bila wasiwasi, maana siku ya usaili hata wewe mwenyewe hutakuwa nacho. Chunusi mbili za taya, futa. Mkwaruzo wa juzi, mdomo uliokauka ukapasuka, uzi kwenye kola, unywele mmoja uliopita mbele ya jicho, vyote hivyo futa.

Kovu la nyusi liache. Alama ya kuzaliwa iache, hiyo ndo kabisa usiiguse, kwa sababu ni kitu cha kwanza ambacho jicho la mtu linashika akikuona ana kwa ana, na ikikosekana kwenye picha hata asiyejua kuediti anajua picha imepitiwa. Vivyo hivyo mwanya wa meno, mvi, kipara, mikunjo ya macho.

Kuna kundi la katikati linalosumbua, mfano weusi chini ya macho. Siku ukilala vizuri unapungua lakini hauishi, kwa hiyo kuufuta wote ni uongo na kuuacha wote wakati ulipigwa picha umechoka ni kujionea. Hapo upunguze tu kama nusu, uonekane kama siku uliyolala vizuri. Makovu meusi ya chunusi za zamani nayo ni hivyo hivyo, yanafifia kwa miezi mingi, siyo wiki mbili, kwa hiyo yaache yaonekane japo mwanga mzuri utayatuliza wenyewe.

Mekapu siyo kuediti. Kama siku za kazi huwa unapaka, paka na kwenye picha kiasi hicho hicho. Kama ni ile mekapu ya harusini inayobadilisha pua na mashavu, basi inaingia kwenye tatizo lile lile la kusita mlangoni. Nywele za kusuka, wigi, kilemba, hijabu, vyote ni sawa, watu wanajua nywele hubadilika.

Tatizo langu kubwa, kwenye picha natoka mweusi kuliko nilivyo. Nikiongeza mwanga si wataona nimejing'arisha?

Hapa ndo pana maneno mengi na ndo panapoharibikia wengi, tuende taratibu.

Picha yako ya kwanza umesimama mbele ya ukuta mweupe na dirisha linaonekana pembeni. Kamera ya simu inajaribu kuifanya picha nzima iwe na mwanga wa wastani, na kwa kuwa sehemu kubwa ya picha ni nyeupe, inaona mwanga umezidi na inaupunguza. Ukuta unakuwa wa kijivujivu na uso wako unazama. Simu za sasa zinatambua uso na kujaribu kufidia, lakini dirisha likiwa ndani ya picha mara nyingi linashinda. Kwa hiyo hapo siyo wewe uliyetoka mweusi, kamera imekupunguzia mwanga, na kuurudisha ule mwanga uliopunguzwa ni haki yako kabisa.

Tofauti kati ya kurudisha mwanga na kujing'arisha unaijua hivi. Ukirudisha mwanga, vitu vyote vya eneo lile vinapanda pamoja, yaani uso, shingo, masikio na shati. Ukijing'arisha, ngozi peke yake inapanda, au uso peke yake, na shingo inabaki pale pale. Nimeona picha nyingi ambapo uso ni wa rangi moja na sikio ni la rangi nyingine kabisa, mwenye picha hakuona kwa sababu alikuwa anaangalia mashavu tu.

Shati jeupe ndo kipimo chako. Ongeza mwanga taratibu huku ukiangalia shati, siyo uso. Pale shati linapokuwa jeupe lakini bado unaona mikunjo ya kitambaa na mshono wa kola, simama. Ukiendelea mpaka mikunjo ikapotea ukabaki na weupe mtupu, umezidisha, na uso nao umezidi hata kama wewe unaupenda. Halafu weka mkono wako wenyewe pembeni ya skrini ukiwa karibu na dirisha mchana, linganisha na shingo kwenye picha. Haitakuwa sawa sawa kabisa kwa sababu kila skrini ina rangi zake, ila kama picha inaonekana ya mtu mwingine utajua hapo hapo.

Ila dawa bora ni kupiga upya. Simama ukitazama dirisha, dirisha liwe nyuma ya anayekupiga, siyo nyuma yako wala pembeni ndani ya picha. Zima taa ya ndani maana mwanga wake ni wa njano na ukichanganyika na wa dirisha, upande mmoja wa uso unakuwa na rangi yake na mwingine ya kwake, hiyo kuirekebisha ni shida kweli. Mpigaji aguse uso wako kwenye skrini ya simu, kitatokea kialama cha jua, avute juu kidogo mpaka uso uonekane vizuri. Usiwe kwenye jua lenyewe, jua kali linatoa vivuli vyeusi kwenye matundu ya macho na vinamfanya mtu aanze kuhangaika kuviondoa.

Na pua? Kwenye selfi pua yangu inakuwa kubwa, apu yangu ina sehemu ya kuipunguza, nipunguze kidogo tu?

Usiipunguze. Rudi nyuma.

Pua iko mbele kuliko masikio, kwa hiyo kamera ikiwa karibu sana na uso, pua inakuwa karibu na lenzi kuliko sehemu nyingine na inatoka kubwa. Mwaka 2018 kuna madaktari wa upasuaji wa uso walichapisha hesabu zao kwenye jarida la kitabibu, walionyesha kwamba picha iliyopigwa umbali wa kama sentimita 30, ambao ndo urefu wa selfi, inaifanya pua ionekane pana kwa karibu asilimia 30 zaidi, na ukifika mita moja na nusu hiyo hitilafu inakuwa imeisha. Kwa hiyo ile pua unayotaka kuipunguza siyo yako, ni ya umbali.

Mpe mtu simu, asimame mita moja na nusu hadi mbili kutoka kwako, atumie kamera ya nyuma, kama simu ina kitufe cha 2x abonyeze hicho. Usipokuwa na mtu, iegeshe simu kwenye rafu kwa urefu wa macho yako na utumie saa ya kuhesabu sekunde 10. Ukiangalia picha hiyo utakuta pua, paji na taya vimekaa kama watu wanavyokuona wakiwa wameketi mbele yako, na hicho ndo anachokiona mtu wa usaili.

Ukichonga pua au taya kwa apu kuna alama zinabaki. Angalia mistari iliyonyooka iliyo karibu na uso, kama fremu ya mlango, kona ya ukuta, mkono wa miwani, ukanda wa begi. Apu inapobana taya inavuta na vilivyo jirani, fremu ya mlango inapinda kidogo pale karibu na shavu. Mtu anayepitia picha nyingi kila wiki anaiona hiyo.

Simu yangu haina filta niliyoweka mimi, lakini picha zinatoka ngozi laini kama ya plastiki. Hiyo inahesabika?

Inahesabika, maana mwajiri hajui nani kaweka, yeye anaona matokeo tu. Simu nyingi kamera ya mbele inakuja na urembo umewashwa tangu dukani. Fungua kamera, nenda kwenye upande wa selfi, tafuta kialama cha uso au kijiti chenye nyota, au neno `Beauty`, shusha mpaka 0. Simu zingine zina vipimo kadhaa ndani yake, ngozi, macho, umbo la uso, kila kimoja kina namba yake, vipitie vyote. Ukitumia kamera ya nyuma tatizo hili mara nyingi linapungua lenyewe.

Kujua kama imezimika, piga picha, vuta karibu kwenye shavu halafu vuta kwenye shingo. Kwenye shavu unatakiwa uone vitundu vidogo vya ngozi, na kwenye nyusi uone unywele mmoja mmoja. Kama shavu ni laini tupu na shingo ina ngozi ya kawaida, urembo bado unafanya kazi.

Haya nimepiga upya karibu na dirisha. Sasa nionyeshe unaediti vipi, hatua kwa hatua.

Nitatumia Snapseed kwa sababu ni ya bure, ila apu nyingine yoyote yenye vitu hivi itafaa, majina tu yatatofautiana kidogo. Namba ninazotaja ni zile nilizotumia kwenye picha ya huyu dada, kwako zinaweza kuwa pungufu au zaidi, angalia shati kama nilivyosema.

Kwanza, tengeneza nakala ya picha na ile ya asili iache kama ilivyo. Utaihitaji kulinganisha, na siku nyingine wataomba picha isiyoguswa.

Pili, kata. Fungua `Crop`, chagua mraba, weka uso na mabega, juu ya kichwa acha nafasi kidogo. Uso uchukue kama nusu ya urefu wa picha au zaidi kidogo, na kumbuka pembe nne zitakatwa duara likiwekwa, kwa hiyo mabega yasitegemee pembe. Macho yakae juu kidogo ya katikati. Anza na kukata kabla ya mengine, kwa sababu ukiondoa ukuta mwingi utaona picha haikuhitaji mwanga mwingi kama ulivyodhani.

Tatu, rangi. Fungua `White Balance`, chukua kile kidude cha kuchagulia rangi uguse sehemu nyeupe ya shati ambayo haiko kivulini. Umanjano au ubluu wa picha nzima unaondoka. Kama ngozi imegeuka kijivu au imekuwa na uzambarau, sogeza `Temperature` kuelekea joto kidogo mpaka midomo ionekane ya rangi yake. Usiruke hatua hii ukaenda kwenye mwanga, ngozi yenye rangi iliyokosewa inakufanya uongeze mwanga bure ukitafuta kitu ambacho hakipo.

Nne, mwanga. Fungua `Tune Image`, telezesha kidole juu na chini kuchagua, kushoto na kulia kubadilisha. Kwa picha ya dada niliweka `Shadows` +25 ili upande wa uso ulio mbali na dirisha ufunguke, nikashusha `Highlights` -15 ili paji lililokuwa linang'aa litulie, na `Brightness` +8 basi. `Saturation` sikuigusa. `Ambiance` nayo iache, ukiipandisha inakaza kila mkunjo na inafanya ngozi ionekane chafu, halafu mtu anarudi kulainisha ngozi ili kufuta kitu alichokileta mwenyewe.

Tano, chunusi. Fungua `Healing`, vuta picha karibu kwa vidole viwili mpaka chunusi iwe kubwa kwenye skrini, igonge mara moja. Ikiwa imeacha baka, rudisha nyuma ujaribu ukiwa umevuta karibu zaidi, kwa sababu ukiwa mbali inashika eneo kubwa na kunakili ngozi ya sehemu isiyofanana. Chunusi mbili za taya zikaondoka, kovu na alama ya shavu havikuguswa.

Sita, na hapa simama. Kuna `Portrait` yenye `Skin Smoothing` na `Eye Clarity`, na kuna `Head Pose` yenye `Smile` na `Pupil Size`. Hii ya pili usiifungue kabisa, inabadilisha uso wenyewe. `Skin Smoothing` kama moyo unakusumbua isizidi 10, ila ukiwa umefanya zile hatua za juu utakuta huihitaji. Meno yakionekana ya njano, mara nyingi hatua ya tatu imeshayarekebisha, ukiyapaka weupe zaidi yatakuwa meupe kuliko weupe wa macho na hapo yanaonekana ya kubandika.

Bonyeza na ushikilie kialama cha kulinganisha, uachie, ubonyeze tena. Macho yako yanatakiwa kuona taa imewashwa chumbani, mtu abaki yule yule. Kisha hifadhi kama nakala mpya. LinkedIn wanataka picha isipungue pikseli 400 kwa 400, na ukimtumia mtu kwa WhatsApp itume kama waraka, siyo kama picha, la sivyo inabanwa na uso unakuwa na ukungu ambao mtu ataudhania ni filta.

Sina koti la suti. Kuna apu zinabandika koti, na zingine unazipa selfi zinakutengenezea picha nzima ya ofisini. Vipi hizo?

Koti la kubandika usiweke. Shingo inakaa vibaya kwenye kola, mwanga wa uso unatoka kushoto na wa koti unatoka kulia, na bega moja linakuwa pana kuliko mwili. Shati safi lililopigwa pasi, la rangi moja, linatosha kwa kazi nyingi na ni lako kweli, siku ya usaili unaweza kulivaa hilo hilo.

Apu zinazotengeneza picha mpya shida yake ni kwamba hazirekebishi picha yako, zinachora mtu anayefanana na wewe. Nimeziona zikinyoosha meno, zikifuta alama ya kuzaliwa, zikipunguza umri na kupunguza weusi wa ngozi bila mtu kuomba, na mwenye picha anafurahi kwa sababu katoka vizuri. LinkedIn wenyewe sharti lao ni kwamba picha ionyeshe sura yako na wanaweza kuiondoa isipokuonyesha. Kama umeshatengeneza moja na unaipenda, ipitishe kwenye kipimo nitakachoeleza chini, alama moja tu ikikosekana usiitumie.

Nyuma ya picha ni habari nyingine. Kufifisha vyombo au nguo zilizoanikwa nyuma yako hakuna anayejali, hilo siyo uso wako. Angalia tu kingo za nywele na mikono ya miwani, hapo ndo ukungu unakula visivyotakiwa. Ukiweza sogea mita mbili mbele ya ukuta mtupu, umemaliza bila apu. Ila usiweke nyuma ofisi au jengo ambalo hujawahi kufanya kazi, hiyo inasema kitu kuhusu uzoefu wako ambacho hakipo kwenye sivii.

Na wakisema "ambatanisha picha ya pasipoti", naweka hii hii?

Hapana. Picha ya profaili ni ya kukutambulisha, picha ya pasipoti ni ya kukuthibitisha, inaweza kwenda kwenye kitambulisho cha kazi, kwenye ukaguzi wa usalama au kwenye viza kama kazi ni ya nje. Vipimo vya kimataifa vya picha hizo viko kwenye waraka namba 9303 wa ICAO, shirika la usafiri wa anga, na vinataka rangi ya ngozi ionekane ya asili. Hapa hata chunusi iache, usigeuze kulia kushoto, usifute chochote. Mwanga ukiwa mbaya piga upya, usiediti. Kazi za uanamitindo na kuigiza nazo mara nyingi wanataka picha isiyoguswa kabisa, soma tangazo vizuri. Na kuna waajiri wanaosema msiweke picha kwenye sivii, hao wanajaribu kuzuia upendeleo, wasikilize na usiweke hata kama yako imetoka safi.

Nitajuaje nimezidisha? Maana mimi nikijiangalia naona niko sawa tu.

Wewe mwenyewe huwezi kujua, ukishaangalia picha iliyoeditiwa kwa nusu saa jicho linaizoea na ile ya asili inaanza kuonekana ndo yenye kasoro. Ilaze mpaka kesho.

Kesho yake fungua usaili wa kujifanyisha, yaani simu ya video na mtu yeyote, urembo ukiwa umezimwa. Zoom wana kitu kinaitwa `Touch up my appearance`, nacho kizime. Piga skrinishoti ya uso wako ukiwa unaongea, uiweke pembeni ya picha ya profaili na ulinganishe vitu vinne, upana wa taya, rangi ya paji ikilinganishwa na shingo, alama za kudumu, na mstari wa nywele. Video itakuwa na ubora mdogo na hutapendeza sana, hilo siyo tatizo, unachotafuta ni kama wale ni mtu mmoja.

Halafu mwonyeshe mtu aliyekuona wiki hii lakini siyo rafiki wa karibu, labda jirani au uliyesoma naye. Usimuulize "nimependeza?", muulize "hii unadhani nilipiga lini?". Akisema "juzi hapa", umepita. Akisema "hii ya zamani eeh?" au "ulikuwa umepungua", kuna kitu umekigusa ambacho hukutakiwa, rudi kwenye ile nakala ya asili uanze na hatua ya pili.

Na kama nimeshatuma maombi na ile ya filta?

Kwenye profaili badilisha leo hii, haichukui dakika tano na hakuna anayefuatilia. Kwenye maombi uliyoshatuma usiandike barua ya kuomba radhi kwa ajili ya picha, utafanya jambo dogo liwe kubwa. Ukiitwa kwenye usaili, kwenye ujumbe wa kuthibitisha kwamba utafika ambatanisha sivii yenye picha mpya na useme tu umeihuisha, ili atakayekuwa mezani awe na ile inayofanana na wewe. Isipokuwa kama ile ya filta uliiweka pale walipoomba picha ya pasipoti, hapo waandikie mapema uombe kuibadilisha kabla haijaingia kwenye kitambulisho, sababu inatosha kuwa sentensi moja, "naomba kubadilisha picha niliyoambatanisha, hii ndiyo inayokidhi vigezo".